Meza ya mkasi inagoma ikiwa chini, ikishapanda inaenda yenyewe. Nguvu ya silinda nipige kwa kimo kipi?

fundi_wa_mwaloni

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwanza. Kuna mteja anapakia sangara pale Kirumba mwaloni, akaniomba nimtengenezee meza ya kunyanyulia kreti kutoka chini hadi usawa wa bodi ya kenta. Nimemtengenezea meza ya mkasi, jozi moja ya mikono kila upande. Mikono ina urefu wa mita 1.6 kutoka pini hadi pini. Chini upande wa kushoto kuna pini isiyotembea, kulia kuna rola kwenye chaneli. Juu ni hivyohivyo.

Silinda ni ya haidroliki, moja tu, kipenyo cha ndani milimita 50. Kitako chake nimekishika kwenye pini ileile ya chini kushoto. Kichwa kinasukuma bomba linalounganisha ile mikono miwili inayopanda kutoka kwenye rola ya chini. Kutoka rola hadi kwenye hilo bomba, nikipima kwa kufuata mkono, ni mita 1.2. Valvu ya kuachia presha nimeifunga baa 100, pampu yenyewe haitakiwi kuzidi 130.

Mzigo ni kilo 600, samaki na barafu. Meza ya juu ina kilo 90, mikono yote minne kilo 80.

Nilipiga hesabu ya meza ikiwa imefika juu, sentimita 80 kati ya pini za chini na za juu, silinda ikaonekana inatosha na ziada. Lakini meza ikiwa chini kwenye kimo cha kupakia, yaani sentimita 32, mzigo ukiwa juu yake haiondoki. Valvu inapiga mluzi, mafuta yanachemka. Vijana wawili wakiisaidia kwa bomba refu mpaka kama sentimita 42, wanaachia na inapanda yenyewe hadi mwisho bila shida. Pale juu geji inasoma baa 72.

Mdogo wangu yuko chuo, ameniambia nitumie njia ya kazi dhahania. Nimejaribu kumwelewa kwenye simu nikashindwa. Naomba anayejua anielekeze kwa meza hii hii.

jeki_ya_noah

Mkuu hata jeki ya gari langu iko hivyo, ile ya skrubu. Ikiwa chini kabisa unazungusha mpaka mkono unauma, ikifika nusu inakuwa nyepesi. Niliweka grisi kwenye skrubu ikapungua kidogo. Umeangalia grisi kwenye rola zako?

fundi_wa_mwaloni

Grisi ipo mkuu, na meza tupu inapanda vizuri kabisa.

Bwiru_Hesabu

Fundi, tatizo lako linajulikana. Nguvu ya silinda ni uzito mara upana wa chini gawa kwa kimo. Meza ikilala, upana ni mkubwa na kimo ni kidogo, nguvu inapaa. Kwa sentimita 32 upana kati ya pini na rola ni mita 1.568. Ukigawa unapata 4.9. Uzito wako chukua kilo 730, maana mikono inahesabiwa nusu. Zidisha, ni karibu kilo 3,580. Kwa silinda ya 50 hiyo ni baa 179. Pampu yako haiwezi, tafuta nyingine.

Kwa sentimita 80 upana ni 1.386, jibu ni 1.73, na ndiyo maana hesabu yako ya juu ilitoka nzuri.

fundi_wa_mwaloni

Asante. Baa 179 imenitisha. Kwa nini mikono inahesabiwa nusu?

MzeeNyakato

Fundi, kabla hujaenda kununua pampu, subiri kidogo. Kijana wa Bwiru amesema kweli kuhusu mikono na kuhusu tabia ya mkasi. Ila kanuni aliyotumia ni ya silinda iliyolala chini, inayovuta rola kuelekea kwenye pini. Wewe silinda yako imesimama kwa mshazari ndani ya mkasi. Hizo ni mashine mbili tofauti. Kwa bahati, kwa vipimo vyako zinatoa jibu moja hasa kwenye sentimita 80, kwa hiyo ukikagua pale tu huwezi kugundua kosa.

Na ushahidi unao mwenyewe. Kwa kanuni yake, kwenye sentimita 42 ungehitaji baa 134. Lakini umesema kwenye 42 meza inaondoka yenyewe na valvu imefungwa baa 100. Kwa hiyo kanuni hiyo si ya meza yako.

Sasa kazi dhahania. Usihangaike na jina. Fikiria meza imepanda kidogo mno, tuseme milimita moja, mahali ilipo sasa. Mzigo umepokea kazi: uzito mara hiyo milimita moja. Kazi hiyo imetoka kwenye silinda tu, hakuna mahali pengine. Pini zisizotembea hazifanyi kazi. Rola inatembea kulalia chaneli, lakini chaneli inaisukuma kwenda juu, kwa hiyo nayo haifanyi kazi. Pini ya kati inasukuma mkono mmoja huku na mwingine kule kwa kiasi kilekile, zinafutana. Kwa hiyo nguvu ya silinda mara urefu iliotoka ni sawa na uzito mara urefu meza iliyopanda. Basi.

Ndiyo maana mikono inahesabiwa nusu. Uzito wa mkono uko katikati yake, na katikati ya mkasi inapanda nusu milimita meza inapopanda milimita moja. Kwa hiyo 600 jumlisha 90 jumlisha 40, unapata 730.

Swali linabaki moja: meza ikipanda milimita moja, silinda inatoka kiasi gani? Ukishalijua hilo, nguvu umeipata. Na hilo unaweza kulipima kwa tepu leo hii, meza ikiwa tupu. Iweke sentimita 30, pima silinda kutoka pini hadi pini. Ipandishe hadi 34, pima tena. Gawa 40 kwa tofauti utakayopata kwa milimita. Halafu fanya hivyohivyo kutoka 76 hadi 80. Usipime kwa kupanda sentimita moja tu, kwa sababu kosa la milimita moja kwenye tepu litakula jibu lako lote.

Na kabla hujaingiza mkono mle ndani, weka vipande vya chuma vya kukingia chini ya fremu ya juu. Usiiamini hosi.

Mama_Kreti

Samahani naingilia. Mimi natumia meza kama hiyo, si ya fundi huyu. Vijana wangu wanazoea kurundika kreti zote upande wa nyuma kwa sababu ndiko gari lilipo. Hiyo haiongezi nguvu? Maana mnahesabu uzito tu, hamuulizi umekaa wapi.

Bwiru_Hesabu

Lazima iongeze. Ukibeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa ni nzito kuliko ukiibana kifuani.

MzeeNyakato

Swali zuri mama. Kwa nguvu ya silinda, haiongezi. Meza inapanda ikiwa mlalo. Kreti iliyo pembeni na iliyo katikati zote zinapanda milimita ileile, kwa hiyo kazi ni ileile, na silinda haijui mzigo umekaa wapi. Mfano wa ndoo ni wa mkono unaozunguka begani, meza haizunguki.

Lakini usiwaruhusu vijana warundike. Silinda haijui, ila pini na rola zinajua sana. Mzigo ukiegemea upande wa rola, rola ile na pini ya mkono wake zinabeba karibu wote. Tena rola ya juu inaingia ndani kadiri meza inavyopanda. Kwa meza ya fundi inaingia sentimita 18 kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo kreti iliyokuwa juu ya rola wakati wa kuanza, mwishoni inaning'inia nje yake. Zikizidi huko nje, upande wa pili wa meza unataka kung'oka.

Mama_Kreti

Nimekuelewa mzee. Lakini kwangu kuna geji, na nimeona kwa macho yangu kreti zikiwa mwisho wa meza mshale unapanda kama baa 8 kuliko zikiwa katikati. Uzito ni uleule, tunapima kwenye mzani kwanza.

MzeeNyakato

Nakuamini. Huo ni msuguano. Rola moja ikibanwa zaidi inakwaruza zaidi, na kama meza inajikunja kidogo rola inauma ukingo wa chaneli. Lakini kama ni baa 8 kati ya ngapi, na kama ni msuguano peke yake, siwezi kusema bila kuiona.

fundi_wa_mwaloni

Nimerudi. Nimepima asubuhi hii, vipande vya kukingia vikiwa chini ya fremu kama ulivyosema.

Kutoka 30 hadi 34 silinda imetoka milimita 14. Nikigawa 40 kwa 14 napata 2.86. Kutoka 76 hadi 80 imetoka milimita 23, napata 1.74.

Kwa hiyo chini nahitaji 730 mara 2.86, karibu kilo 2,090. Juu ni 1,270. Nimeelewa sasa. Silinda inatoka kidogo wakati meza inapanda sana, kwa hiyo lazima ilipe kwa nguvu.

MzeeNyakato

Hapo umefika. Sasa tuipate bila tepu, uweze kupiga kwa kimo chochote. Ita mkono L, umbali wa 1.2 uite a, kimo kati ya pini h, urefu wa silinda pini hadi pini s, uzito wa 730 uite W na nguvu ya silinda F. Kwa sababu kitako cha silinda kiko kwenye pini ileile ya mkono, pembetatu zinatoa hivi:

```
s² = (L − a)² + h²·(2a − L)/L
F  = W · s·L / (h·(2a − L))
```

Mstari wa pili unatoka kwenye wa kwanza. Ukiongeza h kidogo, angalia s inaongezeka kiasi gani, kisha gawa. Kwako 2a − L ni 0.8, na L ni 1.6, kwa hiyo inabaki F = 2·W·s/h. Hakuna pembe hata moja, tepu na kikokotoo vinatosha.

Kwa h ya 0.32, s ni 0.46 na F ni mara 2.87 ya uzito, yaani kilo 2,097. Silinda ya 50 ina eneo la sentimita za mraba 19.6, kwa hiyo ni baa 105. Kwa h ya 0.42, ni mara 2.37, baa 86. Kwa h ya 0.80, ni mara 1.73, baa 63.

Sasa tazama geji yako. Juu unasoma 72, hesabu inasema 63. Kwenye 42 meza inaanza kwenda na valvu iko 100, hesabu inasema 86. Pande zote mbili hali halisi inazidi hesabu kwa asilimia kama 15. Huo ndio msuguano wa meza yako, umeupima bila kujua. Ongeza asilimia 15 kwenye 105 unapata karibu baa 121 pale chini. Valvu ya 100 lazima ipige mluzi.

kijana_Igoma

Wakuu, kwa nini asihamishe kichwa cha silinda hadi pini ya kati? Pale ndipo mikono yote inapokutana, nguvu ingegawanyika sawa. Nimeona hata bomba lipo tayari.

MzeeNyakato

Kijana, chukua kamba. Funga kwenye pini ya chini kushoto, ivute hadi pini ya kati, halafu pandisha meza. Kamba haitalegea wala kukaza. Pini ya kati iko nusu ya mkono unaoanzia pini hiyohiyo, kwa hiyo umbali ni sentimita 80 milele. Silinda ikiwekwa hapo inasukuma mkono kwa urefu wake, mpaka kitu kikatike, na meza haitapanda hata unywele. Kwenye kanuni utaliona hilo: a ikiwa nusu ya L, 2a − L inakuwa sifuri na nguvu haina mwisho.

kijana_Igoma

Dah, kweli. Basi aisogeze upande mwingine, juu zaidi, a iwe 1.4. Nimepiga kwa kanuni yako, kwa 32 inatoka mara 1.42 tu. Nusu ya nguvu!

MzeeNyakato

Hesabu yako ni sahihi na ingekuwa vizuri sana kama silinda hiyo ingekuwepo. Piga na s. Meza ikilala s ni sentimita 34, ikifika juu ni 72. Unataka silinda yenye urefu wa 34 ikiwa imefungwa na itoke sentimita 38. Fimbo haiwezi kuwa ndefu kuliko bomba lililoificha. Ya 1.2 inatoka 46 hadi 69, inatoka 23 na zinabaki 23 za kofia, pistoni na masikio. Fundi alichagua vizuri pale, sijui kama alihesabu au jicho lilimwongoza.

fundi_wa_mwaloni

Silinda ndiyo niliyokuwa nayo, nikatafuta bomba likae wapi ili iingie. Hivyo ndivyo 1.2 ilivyopatikana.

Sasa naona njia mbili. Kufungua valvu hadi 125, au kuweka silinda ya 63.

MzeeNyakato

Kufungua valvu hadi 125 kunakuacha karibu na 130 ya pampu, na siku barafu ikizidi utarudi hapahapa. Ya 63 ina eneo la sentimita za mraba 31, kwa hiyo pale chini utakuwa na baa kama 76 pamoja na msuguano. Meza itapanda polepole zaidi, itachukua muda mara 1.6. Kwa kupakia samaki sioni ubaya. Hakikisha tu urefu ukiwa imefungwa hauzidi 46, silinda nene huja na masikio marefu.

Ukara_Boti

Mzee, kwangu kitako cha silinda hakiko kwenye pini ya mkono. Nimekichomelea kwenye fremu, sentimita 15 ndani na 5 chini ya pini. Ni meza ya kunyanyulia injini za boti. Kanuni yako inanifaa?

MzeeNyakato

Hiyo ya mistari miwili haikufai, pembetatu zimebadilika. Njia ya tepu inakufaa vilevile, kwa sababu haijali umeshika wapi. Pima kila sentimita 4 kutoka chini hadi juu uandike. Na usidhani kwamba chini kabisa ndipo pabaya kwako, mpaka uone orodha yote.

Bwiru_Hesabu

Mzee, nakubali kuhusu kanuni. Lakini kuna jambo moja. Kazi dhahania imetupa nguvu ya silinda tu. Lile bomba la kuunganisha linasukumwa katikati kwa kilo 2,100, na msuguano ni zaidi. Fundi, bomba ni la kipimo gani na mikono imeachana kiasi gani?

fundi_wa_mwaloni

Kipenyo cha nje 60, ukuta milimita 4. Mikono imeachana sentimita 70. Nimechomelea ncha zote mbili kuzunguka.

Bwiru_Hesabu

Kama ncha zingekuwa zimeegemea tu, mkazo ungekuwa karibu megapaskali 390. Chuma cha kawaida kinaanza kukunjika kama 250. Kama zimeshikwa kabisa, ni nusu yake, 195. Wewe uko kati ya hapo, na siwezi kusema wapi, kwa sababu mkono nao unajisokota kidogo.

MzeeNyakato

Umenikumbusha jambo ambalo ningepaswa kuliuliza mwanzoni, ahsante. Fundi, toa mzigo, weka rula iliyonyooka kwenye bomba upande usiosukumwa. Ibane katikati, tazama kama kuna mwanga kwenye ncha.

fundi_wa_mwaloni

Nimetazama. Pengo linapita jani la feleji la milimita 1. La milimita 1.5 halipiti. Sikumbuki kama lilikuwa limenyooka siku ninalichomelea, huenda joto ndilo lililivuta.

Silinda ya 63 nimeipata, iko sentimita 45 ikiwa imefungwa. Nimeifunga jana na kujaribu kwa kilo 400. Imeondoka kutoka chini yenyewe, geji 55. Kilo 600 sijaweka. Nitachomelea sahani mbili za milimita 8 kwenye bomba, moja kila upande wa sikio la silinda, halafu nitapima tena kwa rula kabla ya mzigo na baada yake. Mteja nimemwambia apakie kwa mara mbili mpaka hapo.

Mama_Kreti

Fundi, ukishajaribu na 600, weka na kreti upande mmoja uone geji yako inasemaje. Ile baa 8 yangu bado inanisumbua.